Picha ya Meza ya Kazi Haihitaji Nasaha

Maelezo ya picha ya meza ya kazi au kona ya kusomea hudhaniwa kuwa mahali pa kutia watu moyo. Dhana hiyo imeharibu picha nyingi nzuri. Chini ya daftari na kikombe cha chai huandikwa kwamba juhudi hulipa, na meza ya mtu hugeuka bango la duka la samani. Maneno hayo yangekaa chini ya meza yoyote, iwe ya Newala au ya Nairobi, na huo ndio ubovu wake.

Utaratibu wa kazi ni jambo linalojirudia, ilhali picha hunasa dakika moja tu. Kwa hiyo maelezo ndiyo yanayopaswa kutaja saa, kazi iliyotangulia na ile inayofuata.

Chukua meza ya karani wa chama cha msingi cha ushirika, Masasi au Newala, katika msimu wa korosho, miezi ya Oktoba na Novemba. Mkulima huleta mzigo, korosho hukaguliwa daraja na kupimwa, naye huondoka na stakabadhi. Mzigo hupelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Mezani hubaki daftari la mapokezi, kikokotoo na nakala za stakabadhi. Mpenda nasaha angeandika: “Ofisi nadhifu, kazi ya uhakika.” Maelezo yanayofaa ni haya:

“Saa 11 jioni, mzani umefungwa. Kila siku ya mapokezi, kilo za daftarini hulinganishwa na nakala za stakabadhi kabla ya ofisi kufungwa. Leo jumla hizo mbili bado hazijakubaliana.”

Sentensi ya pili inabeba mazoea ya kila siku. Ya tatu ndiyo inayoyatenga maelezo haya na tangazo, kwa sababu tangazo halikubali kuonyesha kazi iliyokwama. Hakuna sifa hata moja, wala jina la kampuni iliyotengeneza kikokotoo. Jina la chombo litajwe pale tu linapoeleza namna kazi inavyofanyika. Vinginevyo msomaji atauliza nani amelipia picha.

Uongo nao hujifichua wenyewe. Maelezo yakidai saa 12 asubuhi huku jua likiingia kwa dirisha la magharibi, mwenyeji wa mahali hapo atacheka. Meza iliyopangwa upya kwa ajili ya picha pia hujulikana: vitabu vimelingana kingo, na kalamu ina kifuniko juu ya ukurasa mtupu.

Kwa karani kuna mpaka mmoja zaidi. Majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti za benki za malipo visisomeke pichani. Daftari lifunikwe au lipigwe picha kwa mbali. Maelezo yakishataja saa, kazi na kilichobaki, yamekamilika. Nasaha ifutwe.