Kabla ya kulipia ukumbi, tafuta panditi kwanza

Ukipokea kadi ya harusi ya Kihindu inayosema maarusi watazunguka moto mtakatifu Jumatano, saa tatu na dakika 47 asubuhi, usidhani mchapishaji amekosea. Dakika hizo zimepigiwa hesabu. Na kama wewe ndiwe bwana au bibi harusi, au unaoa au kuolewa katika familia ya Kihindu hapa Nairobi, Mombasa au Kisumu, hesabu hiyo inaweza kukugharimu pesa nyingi usipoielewa mapema.

Vijana wengi siku hizi wanaanzia mwisho. Wanachagua Jumamosi moja ya Agosti kwa sababu marafiki watakuwa likizo, wanalipia ukumbi, wanamkamata mpiga picha, halafu ndipo wanamwendea panditi, yaani kasisi wa Kihindu, wampe baraka tu. Panditi anafungua kalenda yake, anatikisa kichwa. Malipo ya kwanza hayarudishwi. Nyumbani wazee wamenuna. Msimamo wetu ni kwamba fujo hii yote inaepukika, mradi ujue kuwa tarehe inachujwa mara tatu, na kila mchujo una uzito wake.

Mchujo wa kwanza ni wa miezi, na huu haujali umezaliwa lini. Kwa familia zenye asili ya kaskazini na magharibi mwa India, wakiwemo Wagujarati walio wengi hapa Kenya, kuna takriban miezi minne ya mvua za India iitwayo Chaturmasi, ambapo Vishnu anaaminika kulala. Huanza Juni au Julai na kuisha mwezi wa Novemba au karibu na hapo, na ndani yake hakuna harusi. Kisha jua likiwa katika buruji ya Mshale, yaani kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, milango hufungwa tena. Likiwa katika buruji ya Samaki, katikati ya Machi hadi katikati ya Aprili, hali ni ile ile. Juu ya hayo, sayari za Zuhura na Mshtarii zikikaribia jua kiasi cha kutoonekana, harusi husubiri, maana Zuhura ndiyo ya mapenzi na Mshtarii ndiyo ya baraka.

Hebu tutazame mwaka 2024. Machi 14 hadi Aprili 13 jua lilikuwa kwenye Samaki. Siku chache za Aprili zikapatikana, kisha mwisho wa mwezi huo Zuhura ikazama kwenye mwanga wa jua. Mei na Juni, ambayo kwa kawaida ni msimu mkubwa wa harusi kule India, zikapita bila tarehe katika almanaki nyingi. Julai ilitoa siku chache tu, kwa sababu Chaturmasi ilianza tarehe 17. Mlango haukufunguliwa hadi Novemba 12, na katikati ya Desemba ukafungwa tena. Basi aliyekuwa na ndoto ya harusi ya Agosti au ya wiki ya Krismasi alikuwa amechagua likizo mbili za Kenya ambazo kalenda yake haizitambui kabisa.

Lakini usichukue sheria hizi ukamtupia kila Mhindi. Watamil wa kusini mwa India huepuka mwezi wa Aadi, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ilhali jua likiwa kwenye Samaki wao huoana bila wasiwasi. Kwa hiyo ikiwa mmoja wenu ni Mgujarati na mwenzake ni Mtamil, swali la kwanza kwa wazee ni hili: tunafuata kalenda ya nani?

Mchujo wa pili ni wa siku. Hapa panditi anatumia panchangi, almanaki inayofuata mambo matano: siku ya juma, siku ya mwezi mwandamo, kituo cha mwezi angani, na vipimo viwili vingine vinavyotokana na jua na mwezi. Vituo vya mwezi viko 27, na ni takriban 11 tu vinavyokubalika sana kwa ndoa, kama Rohini, Hasta na Svati. Siku ya nne, ya tisa na ya kumi na nne ya kila nusu ya mwezi huachwa, pamoja na siku ambayo mwezi hauonekani. Ndiyo maana tarehe nzuri huangukia Jumatano au Alhamisi mara nyingi tu.

Mchujo wa tatu ndio wenu wawili. Tuseme bibi harusi alizaliwa mwezi ukiwa kituo cha Rohini. Panditi anahesabu kuanzia Rohini hadi kituo cha siku inayopendekezwa, akipunguza tisa tisa. Ikibaki tatu, tano au saba, siku hiyo si yake. Svati ni kituo kizuri kwa ndoa kwa jumla, lakini kutoka Rohini ni cha 12. Ondoa tisa, inabaki tatu. Imekataa. Uttara Falguni ni cha tisa, hakibakishi kitu, basi kinapita. Kisha anarudia hesabu hiyo hiyo kwa bwana harusi, na tarehe inayobaki ni ile iliyowakubali wote wawili.

Sasa angalia mahali mambo yanapoharibikia. Kwanza ni saa ya kuzaliwa. Kituo cha mwezi hudumu takriban siku nzima, ila buruji inayochomoza mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na ndiyo inayozaa zile dakika za kwenye kadi. Mama akikuambia ulizaliwa saa mbili asubuhi, nawe ukaandika 2:00 kwenye apu, umesogeza chati kwa saa sita. Tafuta karatasi ya hospitali.

Pili ni kunakili almanaki ya India. Delhi iko mbele ya Nairobi kwa saa mbili na nusu. Almanaki ikisema siku njema ya mwezi inaisha saa tatu usiku kwa saa za Delhi, hapa kwetu imeisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukipanga kuzunguka moto saa mbili usiku ukiwa Parklands, wakati wako ulishapita zamani. Na buruji inayochomoza hutegemea mahali ulipo, kwa hiyo hata kupunguza saa mbili na nusu hakutoshi. Hesabu lazima ifanyiwe mji wa harusi.

Kuna watakaosema haya yote ni ushirikina wa wazee. Huenda huamini hata kidogo, na hiyo ni haki yako. Lakini kama wazazi wanaamini, basi mazungumzo yafanyike kabla pesa hazijatoka. Mpe panditi majina, tarehe, saa na miji mliyozaliwa, na mji wa harusi. Muombe tarehe tatu, si moja, kisha muulize kila kizuizi ni cha miezi, cha siku au cha chati zenu. Cha miezi usibishane nacho. Cha siku na cha chati, mapanditi hutofautiana katika kukipima, na hapo kuna nafasi ya kujadiliana. Ukishapata tarehe tatu mkononi, piga simu kwa ukumbi.