Leseni Haijumlishwi na Uzoefu

Mara kadhaa nimeombwa kuketi katika jopo la kuchambua maombi ya kazi ya wauguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Daktari bingwa huitwa katika jopo la namna hiyo kwa sababu ndiye atakayefanya kazi na muuguzi huyo usiku, wakati mashine ya kusaidia kupumua inapolia na hakuna muda wa kuuliza nani anajua kuiendesha. Katika kazi hiyo nimeona kosa moja likirudiwa na watu waaminifu kabisa, nalo limo ndani ya fomu ya alama yenyewe.

Tangazo la kazi huwa limeandikwa vizuri. Linataka muuguzi aliyesajiliwa, mwenye leseni hai ya kufanya kazi, aliyesomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Hayo ni mambo matatu yanayofanana kwa sura, lakini kila moja hujibu swali lake. Usajili huthibitisha kwamba jina la mtu limo katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, na limo katika daraja gani. Leseni huthibitisha kwamba mtu huyo anaruhusiwa kufanya kazi leo. Ina tarehe ya kuisha, na usajili hauihuishi. Ubobezi hueleza alisomea nini zaidi ya uuguzi wa jumla. Mtu anaweza kuwa na moja bila jingine, na hapo ndipo wasifu hudanganya bila mwandishi wake kusema uongo.

Sasa tazama fomu tuliyopewa. Usajili ulikuwa na alama 20, leseni 15, ubobezi 20, uzoefu 30, lugha na kompyuta 15. Jumla ni 100, na aliyepata 60 aliitwa kwenye usaili.

Mwombaji wa kwanza alikuwa na uzoefu wa miaka 11. Usajili wake ulikuwa kamili, akapata 20. Leseni yake ilikuwa imeisha, akapata 0. Kwa ubobezi alileta cheti cha mafunzo ya wiki mbili, na jopo likamhurumia kwa alama 10. Uzoefu ukampa 30, lugha na kompyuta 14. Jumla yake ilikuwa 74.

Mwombaji wa pili alikuwa na miaka mitatu tu kazini, lakini alisajiliwa, leseni yake ilikuwa hai, na alikuwa na shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi. Alipata 20, 15 na 20, kisha 10 za uzoefu na 8 za lugha na kompyuta. Jumla 73.

Kwa hesabu ile, mtu asiyeruhusiwa kumgusa mgonjwa siku ile, na ambaye hakusomea kazi iliyotangazwa, alimshinda aliyetimiza kila sharti. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kosa lilikuwa kujumlisha kwenyewe, kwa maana fomu iliruhusu miaka mingi ya kazi ilipie leseni isiyokuwepo. Uzoefu haulipii leseni, kama vile umahiri wa dereva haulipii breki zilizokatika.

Mwombaji wa tatu alinisikitisha zaidi. Katika wasifu wake aliandika namba ya usajili na ubobezi wake, akasahau kutaja leseni. Tukampa 0 penye leseni. Alama zake zikawa 20, 0, 20, 10 na 7, yaani 57, akaachwa. Baadaye ilibainika kwamba leseni yake ilikuwa hai muda wote. Angepewa 15 alizostahili, angekuwa na 72. Tulichukua ukimya wa karatasi kuwa jibu la hapana.

Maoni yangu, basi, ni kwamba uchambuzi ugawanywe katika hatua mbili zisizochanganyika. Hatua ya kwanza ni milango mitatu: usajili, leseni, ubobezi. Milango haina alama. Kila mmoja una majibu matatu tu: unalingana, haulingani, au haujathibitishwa. Jibu la tatu ndilo lililokosekana katika fomu yetu. Likitokea, mwombaji aandikiwe, apewe siku maalumu za kuleta nakala, na jopo lihakiki katika daftari la Baraza badala ya kutegemea karatasi. Jina lihakikiwe pia, kwani muuguzi aliyebadili jina baada ya ndoa anaweza kuonekana kana kwamba hayumo.

Hatua ya pili ni alama, na humhusu tu aliyepita milango yote. Katika mfano wetu zinabaki alama 45 za uzoefu, lugha na kompyuta. Mwombaji wa pili ana 18, wa tatu ana 17. Tofauti ya alama moja haimwambii mtu lolote la maana, kwa hiyo wote wawili waitwe, na usaili uamue.

Wapo watakaouliza: wauguzi ni haba, tutamwachaje mtu wa miaka 11 kwa sababu ya karatasi? Swali ni la haki, na jibu linategemea ni mlango upi. Mlango wa leseni hufunguka: mwombaji ahuishe leseni yake, na tangazo liseme wazi kama leseni inatakiwa kuwa hai siku ya kufunga maombi au siku ya kuanza kazi. Mlango wa ubobezi haufunguki kwa wiki mbili, wala kwa huruma ya jopo. Ikiwa hospitali haimpati mbobezi, itangaze upya nafasi nyingine kwa uwazi: muuguzi wa jumla atakayefanya kazi chini ya usimamizi huku akifundishwa. Hapo mzee wetu wa miaka 11 ataingia kwa heshima, na zamu itapangwa kwa kujua anachoweza na asichoweza.

Utaratibu huu una mipaka yake. Milango husema nani anaruhusiwa kuingia. Haisemi nani ni mwema, mwepesi au mtulivu. Tena mlango usiohitajika ni dhuluma. Anayeandika tangazo ajiulize kila sharti linamlinda mgonjwa dhidi ya nini. Akikosa jibu, alihamishie katika alama.

Kwako muuguzi unayeomba kazi, weka juu kabisa ya wasifu wako jina kama lilivyo katika daftari, namba na daraja la usajili, tarehe ya kuisha kwa leseni, na jina la ubobezi kama lilivyo kwenye cheti pamoja na muda uliousomea. Usiandike kwamba umebobea ikiwa ulihudhuria semina. Andika semina, na siku zake. Ukiachwa, una haki ya kuambiwa ni mlango gani uliokuzuia.

Nawe mgonjwa, au ndugu unayesubiri nje ya wodi ile, huwezi kuona fomu hizi. Unamwona tu mtu aliyevaa sare akirekebisha mashine inayompumulia mama yako. Sare haikwambii kama leseni yake i hai wala kama alisomea kazi ile. Sisi tuliokaa katika jopo ndio tuliopaswa kulijua hilo kabla hajaingia, na alama 74 hazikutuambia.