Karani wa Sokoni na Paa la Bi Zuhura

 Wiki hii tunawaletea hadithi tuliyoitunga wenyewe, juu ya kazi ambayo wazee wetu waliijua vyema: kazi ya karani wa barua.

Katika miaka ya 1960, Maalim Salimu alikuwa akitandika jamvi lake chini ya mwarobaini, kando ya soko la Malindi. Vyombo vyake vilikuwa kalamu, wino, karatasi na bahasha. Aliandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, tena kwa irabu kamili, kwani alijua kwamba pasipo irabu anayeandikiwa neno moja huweza kusoma jingine. Wateja wake wengi walikuwa wake ambao waume zao wamekwenda kufanya kazi bandarini Kilindini.

Bi Zuhura alikuwa mmoja wao. Kila mwezi alikaa ukingoni mwa jamvi, buibui kaliteremsha usoni, akasema kwa sauti ya chini:

“Mwambie mimi na mtoto tu wazima. Mtoto ameota jino. Paa linavuja upande wa kitandani. Nami namkumbuka kila nikimimina chai, kwa kuwa namimina vikombe viwili kwa mazoea.”

Maalim aliyaona maneno hayo makavu. Basi akaanza kwa salamu ndefu, akaingia katika mbalamwezi, asumini na machozi yaliyolowesha mto. Jino aliliacha. Vikombe aliviacha. Paa aliliacha pia, akihofia makuti yataharibu uzuri wa barua. Alipomsomea, Bi Zuhura alifurahi kama mtu asikiaye taarabu ya harusini, kisha akauliza:

“Na paa, Maalim?”

“Limo, mwanangu,” akajibu, naye akaifunga bahasha.

Barua ilipanda basi, ikavuka Kilifi kwa feri, ikamfikia mume. Naye hakujua kusoma wala kuandika, akampelekea karani wa huko. Majibu yakarudi yamejaa waridi na mawimbi. Bi Zuhura akasomewa, akangoja habari ya paa, asiisikie. Mwezi wa pili hali ikawa ile ile, na wa tatu vile vile.

Masika yakaingia. Usiku mmoja makuti yakaporomoka upande wa kitandani, mtoto akalowa, na homa ya kifua ikamshika. Asubuhi yake Bi Zuhura alifika sokoni na mtoto mgongoni. Hakukaa.

“Niandikie anipe talaka yangu. Mara tatu nimemwambia nyumba inaanguka, naye ananijibu waridi.”

Kalamu ikamwanguka Maalim mkononi. Alijua kwamba mume akiitamka talaka kule kwa hasira, neno halitangoja bahasha ifike Malindi. Akajua pia ni nani aliyewafikisha hapo. Aliifundisha watoto chuoni aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayomwamuru mwandishi wa deni aandike kwa uadilifu, na anayeandikisha asipunguze kitu. Yeye aliona ya kuwa amri hiyo ni ya fedha tu.

“Kaa, mwanangu,” akasema. “Kosa si la mumeo, ni langu. Paa halikuwamo.”

Bi Zuhura alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Sasa andika ninavyosema.”

Akasema jino, paa, homa na vikombe viwili. Maalim aliandika neno kwa neno, akamsomea mstari kwa mstari, akingoja aitikie ndipo aendelee. Chini yake akaongeza, kwa idhini yake, mstari mmoja wa kukiri kosa kwa jina lake mwenyewe. Ujira hakuupokea.

Haikupita wiki, mume akashuka kwenye basi akiwa na pesa za makuti mapya. Kabla ya kwenda nyumbani alipita chini ya mwarobaini. Maalim akainuka kupokea lawama.

“Zile barua za asumini,” mume akasema, “nilizipenda, lakini sikumjua aliyenena. Hii ya vikombe nilipomaliza kusomewa, nilijua ni mke wangu.”

Siku hizi jamvi la karani limekunjwa, lakini kazi haijesha. Nyanya humwambia mjukuu, “Mwandikie babu yako kwenye simu,” na mjukuu hufupisha hapa, akapamba pale, akatuma bila ya kumsomea. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu mambo matatu aliyojifunza Maalim Salimu kwa gharama ya paa la mwenziwe: kuandika alichosema mwenyewe, kumsomea chote kabla ya kutuma, na kuificha siri yake. Neno la mtu mkononi mwako ni amana, hata likiwa ni habari ya makuti.

Wabillahi tawfiq.