Klipu ya Dakika Nne, Mkutano wa Masaa Mawili: Nani Ameachwa Nje?

Tarehe 11 Februari 2013 wagombea urais wote wanane walisimama kwenye jukwaa moja la mdahalo, mara ya kwanza Kenya. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Mohamed Abduba Dida. Muulize mtu leo anakumbuka nini kutoka kwa Dida usiku ule, wengi watakutajia vichekesho. Hoja zake ziko kwenye rekodi, lakini kilichozunguka kwenye simu ni zile sekunde watu walizocheka. Mwezi uliofuata alipata kura nyingi kuliko Martha Karua, kwa hivyo kuna waliomsikia vizuri.

Nimeanza na huyo kwa sababu sasa sisi ndio tunaokata klipu. Kitui na Makueni hakuna wiki inapita bila baraza au kikao cha maoni ya umma, kuhusu bajeti, maji, mchanga, makaa. Kijana anarekodi na simu, anaingia CapCut, jioni klipu iko kwenye magrupu. Waliokuwa mkutanini ni mia moja, watakaoona klipu ni elfu. Kwa hao elfu, klipu ndiyo mkutano wenyewe.

Tuchukue mfano. Sema ni kikao Mwingi kuhusu marufuku ya makaa, ubishi ambao Kitui tunao tangu 2018. Rekodi ni masaa mawili na dakika 18. Wamesema watu tisa. Afisa amechukua dakika 51 peke yake. Mama mmoja anayechoma makaa amepewa dakika tatu, tena mwishoni, watu wakishaanza kutoka. Wewe unataka video ya dakika nne, yaani sekunde 240.

Wengi hugawa kulingana na muda mtu aliozungumza. Piga hesabu: afisa anapata karibu sekunde 89, mama anapata tano. Sekunde tano ni salamu tu! Wengine wanasema basi kila mtu apewe sawa, kama sekunde 26 hivi. Inaonekana ni haki, mpaka ugundue kwamba watu watatu kati ya tisa wamesema jambo lile lile. Msimamo wao unasikika mara tatu, wa mama mara moja, na mtazamaji anaondoka akidhani mkutano mzima ulikuwa upande mmoja.

Mimi nasema hesabu misimamo kwanza, ndio uhesabu watu. Kabla ya kufungua programu ya kukata, chukua daftari, sikiliza rekodi yote, na kwa kila mzungumzaji andika dakika aliyoanza, anataka nini, kwa sababu gani, na kwa sharti gani. Hiyo safu ya mwisho ndiyo muhimu na ndiyo watu huiruka. Kwenye kikao chetu inatokea misimamo minne: marufuku ibaki, iondolewe, iondolewe kwa vikundi vyenye kibali tu, au ibaki lakini watu watafutiwe kazi nyingine. Kila msimamo mpe sekunde 40 kupitia yule aliyeueleza na sababu yake. Hizo ni 160. Wale watano waliobaki kila mmoja apate sekunde 12 za lile jambo ambalo yeye tu alilisema. Jumla 220. Zinabaki 20 za kichwa na maelezo ya mwisho. Hakuna aliyepotea.

Sasa ndani ya hizo sekunde 40 ndipo dhuluma hutokea. Mama yetu alisema hivi: "Marufuku mimi naikubali, miti imeisha. Lakini mniambie mtoto wangu Jumatatu atarudi shule na nini." Kata sentensi ya kwanza pekee, mama ameunga mkono serikali. Kata ya pili pekee, mama ni mpinzani. Klipu zote mbili zina sauti yake halisi na hakuna neno la uongo ndani yake, na zote mbili zimemsingizia. Kwa hivyo ukifika kwenye "lakini", "ila", "kama", "bora tu", usikate hapo. Kama sekunde hazitoshi, punguza salamu, punguza mfano, sharti libaki.

Ukiunganisha vipande viwili vya mtu mmoja, onyesha kwamba umekata, hata kwa giza la nusu sekunde. Kuna mtindo wa kuficha mkato kwa kuweka picha ya watu wakiwa wamekaa. Huo siupendi kabisa. Na ikiwa picha yenyewe ni ya watu wanacheka, na walicheka dakika ya 12 mzee alipojikwaa, ukaiweka dakika ya 95 afisa akijibu, umetunga tukio ambalo halikuwepo.

Lugha nayo. Mama anasema Kikamba, haraka, na wewe unaandika Kiswahili chini ya video. Macho hayawezi kusoma zaidi ya mistari miwili mifupi kwa wakati mmoja, kama herufi 40 kila mstari, kwa hivyo lazima ufupishe. Kinachoanguka kwanza kwenye kufupisha ni lile sharti tena. Mpe Mkamba mwingine, asiyekuwa mkutanini, asome maandishi huku akisikiliza. Akisema "hapa amesema zaidi ya hivi", rudi.

Halafu sauti. Afisa alikuwa na maikrofoni, mama alisimama nyuma chini ya mwembe bila kitu. Usipopandisha sauti yake ifikie ya afisa, ataonekana mtu wa kunung'unika. Dawa nzuri zaidi ni simu ya pili ikae nyuma tangu mwanzo. Piga makofi mara moja kabla ya kuanza, ule mlio utakusaidia kupatanisha rekodi mbili.

Na kuna jambo ambalo kwa maoni yangu linazidi haya yote. Mama amekiri mbele ya watu mia moja kwamba anachoma makaa wakati makaa yamepigwa marufuku. Kwenye baraza wanamjua, ni jirani. Kwenye TikTok anakuwa ushahidi. Haki kwake si kumwondoa, maana hapo umeondoa msimamo mzima. Muulize. Akitaka, tumia sauti bila uso, au andika maneno yake tu.

Kabla ya kuposti, mtumie kila mzungumzaji kipande chake na mpe siku moja. Usimuulize kama ameipenda, afisa hataipenda. Muulize: kuna sababu au sharti ulilotaja ambalo nimeliacha? Akionyesha lipo, rekebisha. Akitaka ufute jambo alilosema hadharani kwa sababu tu linamuaibisha, na yeye ndiye mwenye cheo, mimi sifuti. Najua kuna watakaobisha hapa, karibuni.

Mwisho, rekodi nzima ipatikane, ukishamficha aliyeomba kufichwa. YouTube ukiandika kwenye maelezo dakika ambapo kila mtu anaanza, ya kwanza ikiwa 0:00, inazigeuza kuwa sehemu za kubonyeza. Bando la masaa mawili ya video wengi hawana, kwa hivyo toa pia sauti peke yake. Kwa 32 kbps, ile rekodi yetu inakuwa karibu MB 33 tu, inapita WhatsApp ukiituma kama document, na yule mama anaweza kujisikiliza mwenyewe kwa simu yake.