Skrini ya Michezo kwa Fedha Kidogo: TN, VA au IPS?

Mzazi mmoja ametuuliza swali ambalo huenda na wewe unalo. Vijana wake wawili hucheza mpira na mbio za magari kwenye kompyuta ya sebuleni. Skrini yao imekufa, na fedha aliyonayo inatosha kununua moja tu, ya bei ya chini. Dukani ameoneshwa tatu, nazo zina herufi tofauti kwenye sanduku: TN, VA na IPS. Je, achukue ipi?

Herufi hizo hutaja namna fuwele za kimiminika zilizomo ndani ya kioo zinavyopangwa. Nyuma ya fuwele hizo kuna taa inayowaka muda wote. Kazi ya fuwele ni kuipisha nuru ya taa au kuizuia, na kila mpangilio una penye nguvu zake na penye udhaifu wake.

TN ni mpangilio wa zamani na kwa kawaida ndio wa bei nafuu. Fuwele zake hugeuka upesi, hivyo kitu kinachokimbia hakiachi ukungu mwingi nyuma yake. Udhaifu wake ni pembe ya kutazama. Ukiitazama kutoka chini picha huwa nyeusi na rangi hugeuka, na ukiwa pembeni rangi hufifia.

VA huizuia nuru vizuri kuliko wenzake. Sehemu yake nyeupe huweza kung'aa mara 3,000 kuliko sehemu nyeusi, ilhali kwa TN na IPS ni mara 1,000 hivi. Usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa, giza la VA huwa giza kweli. Lakini fuwele zake huchelewa kutoka kwenye weusi kwenda kijivu. Ndiyo maana katika VA nyingi za bei ya chini mtu anayekimbia kwenye kivuli huburuta mkia mweusi nyuma yake.

IPS imesimama katikati. Kasi yake siku hizi inakaribia ya TN, na rangi zake hazibadiliki sana hata ukikaa pembeni. Ila weusi wake hauna kina, na gizani pembe za skrini huonekana kama zina mwanga wa moshi.

Sasa turudi sebuleni kwa vijana wale wawili. Wanakaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo hakuna anayeitazama skrini akiwa katikati yake hasa. Hapo TN inawaonea wote wawili. Wanacheza mchana, dirisha likiwa wazi. Nuru ya nje ikigonga kioo, weusi wote huwa kijivu, na ile faida ya VA ya mara 3,000 hupotea karibu yote, huku mkia wa vivulini ukibaki. Kwa nyumba hii, IPS ndiyo inayofaa. Lau angekuwa kijana mmoja anayecheza usiku peke yake michezo ya mwendo wa taratibu, tungemshauri VA. Na lau angekuwa mtu wa kushindana kwa kasi, akikaa mbele ya kioo moja kwa moja na fedha ikiwa kidogo mno, TN ingemtosha.

Jihadhari na maandishi ya sandukuni. "1 ms (GtG)" mara nyingi hupatikana kwa kuzisukuma fuwele kupita kiasi, na hapo kila kinachokimbia huzungukwa na kivuli chenye rangi iliyogeuka. Ukiona hivyo, ingia kwenye menyu ya skrini, tafuta "Overdrive", uiweke daraja ya kati. "1 ms (MPRT)" ni kipimo kingine: taa hupepeswa ili jicho lisione ukungu, na aghalabu mwanga wa picha hupungua. Hata "178°" haitofautishi VA na IPS, kwani kipimo hicho hukubali picha iliyokwisha kufifia sana.

Tazama pia uwezo wa kompyuta. Skrini ya 60 Hz hubadili picha kila baada ya milisekunde 17 hivi; ya 144 Hz, kila baada ya 7. Kompyuta isiyoweza kutoa picha zaidi ya 60 kwa sekunde haitanufaika sana na 144 Hz, na fedha hiyo ni afadhali iende kwenye aina bora ya kioo.

Kabla ya kulipa, omba skrini iwashwe. Ichuchumalie, kisha simama pembeni, uangalie kama rangi zinageuka. Weka picha nyeusi, ukitazama pembe zake. Mwisho, fungua ukurasa wenye maandishi ya kijivu juu ya weusi, uuteremshe kwa haraka: maandishi yakiacha mkia, hivyo hivyo ndivyo mchezaji atakavyoonekana kivulini.