Bibi Harusi wa Lenzi, Iache Maskara Isiyotoka na Maji

Wapambaji wanaisifia: "Hata ukilia haichuruziki!" Mimi naipinga, hasa kwa bibi harusi anayevaa lenzi.

Chukua mwali anayeolewa Tabora wakati wa kiangazi. Nikaha ni baada ya Alasiri, na vumbi limeshamwasha macho. Ikiingia Magharibi, maji ya udhu lazima yafike kwenye kope, na maskara hiyo inayazuia. Haitoki vizuri ila kwa mafuta, na mafuta yakigusa lenzi, anaona ukungu na jicho linachoma. Yenye nyuzi nayo ni mbaya, kwani vinyuzi hudondoka vikaingia chini ya lenzi. Usikimbilie wanja wa manga pia. Mwingine una madini ya risasi.

Chagua maskara isiyo na manukato, inayotoka kwa maji ya vuguvugu. Nawa mikono, ikaushe, vaa lenzi, ndipo upakwe. Wakati wa sala vua lenzi kwanza, futa kope, kisha tawadha. Iwe chupa yako mwenyewe, maana brashi ya mpambaji imeshapita macho ya wengi. Baada ya miezi 3, itupe.

Picha isitugharimu udhu wala macho.