Kipindi cha saa kumi, mtoto bado yuko shule

Mama mmoja wa Morogoro ametuandikia. Binti yake yuko darasa la saba na kuna kipindi cha hisabati kinachorushwa saa kumi alasiri, siku za Jumatatu hadi Ijumaa, nusu saa kila siku. Mtoto anafika nyumbani saa kumi na moja na nusu. King'amuzi chao cha antena kina tundu la USB, fundi akawaambia wanunue flashi warekodi. Wamenunua. Wiki nzima imepita, wamepata hivi: Jumatatu flashi ilirekodi kipindi cha mapishi. Jumanne haikurekodi kitu. Jumatano ilirekodi somo lakini likakatika kabla mwalimu hajamaliza. Alhamisi picha inaruka-ruka mpaka namba ubaoni hazisomeki. Ijumaa akaacha. Anauliza kama king'amuzi ni kibovu arudishe dukani.

Mama, usikirudishe. Siku zako nne zina sababu nne tofauti, na hakuna hata moja iliyo ubovu wa king'amuzi.

Tuanze na Jumatatu, kwa sababu kosa hili liko katika nyumba nyingi. Ulifungua sehemu ya Timer ukaandika 10:00, maana kipindi ni saa kumi. King'amuzi hakihesabu saa kama sisi. Chenyewe siku yake inaanza saa sita usiku, ambayo kinaiandika 00:00, kinaenda mpaka 23:59. Kwake 10:00 ni saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi ndipo watu wanapikiwa pilau kwenye televisheni. Kwa saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi, ongeza sita: saa kumi alasiri ni 16:00. Kwa saa za usiku, kuanzia saa moja jioni mpaka saa tano, ongeza kumi na nane: taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni 20:00. Andika hizo mbili kwenye karatasi ubandike karibu na televisheni, hasa kama anayepanga ni bibi au dada wa kazi.

Kabla ya hapo, linganisha saa ya king'amuzi na saa ya simu yako. Ikipishana kwa saa tatu kamili, nenda kwenye menyu, tafuta sehemu ya muda, weka GMT+3. Saa hiyo king'amuzi hakiitungi; inakuja na matangazo yenyewe, ila kinahitaji kuambiwa kiko upande gani wa dunia. Vingine vikitoka dukani vinakuwa vimewekwa sehemu nyingine kabisa.

Njia nzuri zaidi ni kutoandika saa hata kidogo. Kwenye rimoti yako kuna kitufe kilichoandikwa EPG, au Guide. Huo ni mwongozo wa vipindi, yaani ratiba ambayo kituo kinaituma hewani pamoja na picha. Weka kwanza chaneli unayoitaka, kaa nayo dakika moja au mbili ili ratiba ishuke, ndipo ubonyeze EPG. Wengi hufungua mwongozo papo hapo wakakuta patupu, wakadhani haufanyi kazi. Sogea kwa mishale mpaka kwenye kipindi cha 16:00, bonyeza OK au kitufe cha rangi ambacho chini ya skrini kimeandikwa Timer au Record.

Na hapa ndipo Jumanne yako ilipopotelea. Unapopanga kipindi, king'amuzi hukuuliza unataka View au Record. View maana yake ni "nikumbushe, nihamishie chaneli hiyo muda ukifika". Kitahama kweli, kitaonyesha somo kwa sebule tupu, wala hakitaandika kitu kwenye flashi. Chagua Record. Kisha fungua orodha ya Timer uhakikishe kipindi kimo na kina neno hilo. Ukiona sehemu ya marudio, weka Daily au Weekly kufuatana na siku za kipindi. Daily itakurekodia na Jumamosi pia, uikute imejaza nafasi bure.

Jambo la pili la Jumanne ni umeme. Umesema mkitoka asubuhi mnazima swichi ya ukutani. King'amuzi kinaweza kulala kwa rimoti, taa ikawa nyekundu, na muda ukifika kikaamka chenyewe kurekodi. Lakini ukikikatia umeme ukutani hakiamki. Kama mna desturi ya kuzima kila kitu kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu, na si desturi mbaya, chomoa televisheni, king'amuzi kibaki peke yake kwenye soketi yenye kilinzi. Televisheni haihitajiki kuwaka ili king'amuzi kirekodi. Wengi hawalijui hili, wanaiacha inawaka mchana kutwa.

Jumatano somo lilikatika kwa sababu kituo kilichelewa. Ratiba inasema 16:00 hadi 16:30, lakini matangazo ya biashara yakirefuka mwalimu anaanza dakika kumi baadaye. King'amuzi cha kawaida hufuata saa, hakifuati mwalimu. Baada ya kupanga kutoka kwenye mwongozo, ingia kwenye orodha ya Timer, fungua kipindi hicho, sogeza mwanzo uwe 15:55 na mwisho 16:50. Dakika za ziada utazifuta au utaziruka. Dakika zilizokatika huzipati tena.

Sasa Alhamisi, picha inayoruka. Jaribu hivi: tazama chaneli ile ile moja kwa moja kwa dakika kumi, bila kurekodi. Kama nayo inaruka, tatizo ni antena au waya wake, na flashi haina lawama. Kama moja kwa moja picha ni safi lakini iliyorekodiwa inaruka, flashi ni ya polepole au ni ya bandia. Kurekodi ni kuandika bila kupumzika. Flashi ikizidiwa, vipande vya picha vinaachwa njiani. Hizi flashi za barabarani zinazodai ukubwa mkubwa kwa bei ya soda hufanya vibaya zaidi: zinarekodi vizuri siku mbili tatu, kisha faili mpya zote zinagoma kufunguka, kwa sababu nafasi iliyoandikwa kwenye ganda haimo ndani.

Nunua ya duka linalotoa risiti, GB 16 au 32 zinatosha. Ichomeke, na king'amuzi kikikuambia kiifomati, kubali, ila ujue kufomati ni kufuta kila kilichomo. Usitumie flashi yenye picha za kipaimara cha mtoto. Ukiombwa kuchagua aina, chagua FAT32, ndiyo ving'amuzi vingi huisoma. Kwa aina hiyo faili moja haivuki GB 4, hivyo mechi ndefu inaweza kuja vipande viwili, si hitilafu. Kisha rekodi dakika kumi, uzitazame zote, na uangalie ukubwa wa faili. Tuseme imekula MB 200. Zidisha kwa sita, saa moja ni kama GB 1.2. Somo lako pamoja na dakika za ziada ni dakika 55, hivyo siku tano ni kama GB 5.5. Flashi ya GB 16 itabeba wiki mbili, basi. Chaneli za HD hula zaidi ya hapo, pengine mara mbili, kwa hiyo pima kwa chaneli unayoirekodi wewe.

Kuna swali ambalo mama hakuuliza lakini najua litakuja. Saa kumi hiyo hiyo baba yuko nyumbani na anataka mpira. King'amuzi cha kawaida kina kipokezi kimoja, hivyo wakati kinarekodi hakiwezi kwenda popote. Vingi vinakuruhusu kutazama chaneli nyingine iliyo kwenye masafa yale yale, kwa kuwa zinafika pamoja kama abiria wa basi moja. Ukijaribu kwenda kwenye chaneli ya masafa mengine, skrini itauliza kama usimamishe kurekodi. Atakayebonyeza Yes amelifuta somo la mtoto. Kaeni mkubaliane kabla, na mwambieni baba asome maandishi hayo kabla ya kubonyeza. Chaneli za kulipia zina kikwazo kingine: mara nyingi ulichorekodi hufunguka kwenye king'amuzi hicho tu, na pengine mpaka malipo yawe hai. Somo la chaneli ya bure halina shida hiyo. Ila televisheni zenye uwezo wa kurekodi zenyewe mara nyingi hufunga faili zisome kwao tu, hivyo usirekodi kwa televisheni ukitegemea kumpelekea jirani.

Flashi hiyo hiyo inakupa na kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, na kwa nyumba yenye watoto mimi naona hili linasaidia kuliko hata kurekodi. Katuni inaendelea, chakula kimeiva, hakuna anayesogea mezani. Bonyeza kitufe cha kusimamisha, chenye vijiti viwili. Picha inaganda, na king'amuzi kinaendelea kuandika kwenye flashi yanayopita hewani. Baada ya dakika 20 bonyeza kucheza, mnaendelea pale pale. Kuanzia hapo mko nyuma ya kituo kwa dakika 20, na mnaweza kuruka matangazo ya biashara mpaka mtakapokifikia kituo. Mbele ya hapo hakuna kitu. Ukibonyeza Stop unarudi moja kwa moja hewani, na ukibadilisha chaneli yale yaliyosubiri yanapotea. Kwenye ving'amuzi vingi hayabaki kama faili, kwa hiyo jambo la kutunza lirekodi, usilisimamishe tu. Wala huwezi kurudi nyuma kuliko pale ulipobonyeza, isipokuwa king'amuzi chako kina mpangilio wa kuanza kuandika tangu unapofungua chaneli.

Kama kusimamisha hakufanyi kazi kabisa na REC inakuambia hakuna kifaa wakati flashi imechomekwa, huenda tundu lako la USB ni la kuchezea nyimbo na kusasishia mfumo tu. Tafuta neno PVR kwenye menyu au kwenye boksi. Lisipokuwepo popote, hapo ndipo dukani kuna cha kuzungumza.

Kwa mama wa Morogoro: Jumapili jioni fomati flashi mpya, pima dakika kumi, panga siku tano kwa Record, 15:55 hadi 16:50. Jumatatu asubuhi lala king'amuzi kwa rimoti, si ukutani. Binti akirudi atakuta somo kwenye orodha ya vilivyorekodiwa, na anaweza kumsimamisha mwalimu akanakili mfano. Akimaliza kuvielewa vipindi vya wiki, afute vile alivyovielewa, abakize vile vya sehemu na desimali kama ulivyosema vinamsumbua. Na flashi isichomolewe taa ya kurekodi ikiwa inawaka. Faili iliyokatizwa hivyo mara nyingi haifunguki tena.